Barua Pepe Isiyo na Salamu

Mimi si mtu wa kusubiri. Nikiweka maji jikoni, nasimama palepale nayakodolea macho mpaka yachemke, na yakichelewa nayasemesha. Karakana nzima wananiita Pilipili. Ninatunza stoo hapa tunapotengeneza viti vya magurudumu, na hakuna bolti inayotoka bila mimi kuuliza inakwenda wapi. Sasa hebu fikiria mtu kama mimi kugawana ukuta na Mama Samahani.

Ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, tena haufiki darini. Upande huu stoo, upande ule ofisi ya ununuzi. Nasikia kila kitu: kikombe chake cha chai kikiwekwa mezani, feni ikilalamika, vidole vyake vikigonga kompyuta kimoja kimoja, na ile pumzi anayovuta kabla ya kumpigia mtu simu. Huyu mama ndiye mnunuzi wetu. Bomba, vitambaa, magurudumu, rangi, vyote vinapita mikononi mwake. Jina lake halisi lipo kwenye karatasi za mshahara, lakini hata bosi anamwita Mama Samahani.

Na anastahili. Amewahi kujigonga kwenye kiti ofisini akakiomba radhi kile kiti, mimi nikimwona kwa macho yangu. Siku moja kibaka alimpora mkoba barabarani, watu wanapiga kelele "mwizi!", yeye anamwambia, "Samahani mwanangu, nibakishie funguo za ofisi tu." Na wallahi yule kibaka alisimama, akazitafuta funguo mle ndani, akamrushia, ndipo akakimbia. Ukimuuliza amejifunza wapi mambo haya, anakwambia amelelewa na bibi yake aliyekuwa hapokei hata ujumbe wa msiba kama aliyeuleta hajasalimu kwanza. Baadaye akafanya kazi miaka mingi mapokezi hospitalini, akiwatuliza watu wenye maumivu na hasira. Mumewe alipofariki ndipo akaja hapa. Watoto wamekua wameondoka, na mchana huwa tunakula pamoja kwenye meza yake, tunagombana kidogo, halafu tunanywa chai. Nampenda yule mama. Lakini alikuwa karibu kuniua na hii oda ya vigurudumu.

Kiti cha magurudumu kina magurudumu mawili makubwa nyuma, hayo tunayo. Mbele kina vigurudumu viwili vidogo vinavyozunguka huku na huku ili mtu aweze kukata kona. Hivyo vidogo hatutengenezi sisi. Tunaagiza kwa kampuni moja iliyo mji mwingine, kwa sababu saizi inayoingia kwenye viti vyetu wanayo wao tu. Mama Samahani aliwatumia oda, wakajibu kwa maandishi kwamba wameikubali, jozi arobaini, na tarehe ya kuleta wakaitaja wenyewe. Mpaka hapo hakuna kosa lolote.

Tarehe ikafika, ikapita. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Viti vikajaa uani, vimekwisha kupakwa rangi na kushonwa mito, vimeinamisha pua chini kama ng'ombe wanaokunywa maji. Mimi kila asubuhi napita katikati yake nikisonya.

"Umewaandikia?" nauliza juu ya ukuta.

"Nimewaandikia, mwanangu. Jana tu."

"Wamesemaje?"

"Wanalifanyia kazi. Na mama yake yule karani wao wa mauzo anaendelea vizuri, ameanza kutembea na fimbo."

Mama yake karani! Nilidhani nimesikia vibaya. Nikazunguka ukuta, nikasimama nyuma ya kiti chake, nikasema nionyeshe hizo barua. Akanionyesha bila wasiwasi wowote. Ya mwisho ilikuwa hivi:

"Mpendwa mwanangu, salamu nyingi. Natumaini umeamka salama wewe na wote nyumbani. Vipi mama na lile goti? Mwambie asiinuke haraka, mimi nimewaona wengi hospitalini wakiharibu kwa kuwahi. Hapa kwetu hatujambo, jua ni kali tu. Samahani sana kwa kukusumbua, najua mna kazi nyingi. Nilikuwa nakumbushia ile oda yetu ya vigurudumu, mkipata nafasi. Wala hatuna haraka sana. Ubarikiwe."

Nikashika kichwa. "Mama, hii ni barua ya kudai mzigo au ya kuposa?"

"Ni barua ya mtu na mtu."

"Umesema hatuna haraka!"

"Hiyo ni adabu tu. Mtu mzima akisoma anaelewa." Akanitazama juu ya miwani yake. "Haraka haraka haina baraka, Pilipili."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwambia, nikarudi stoo nikabamiza droo mpaka karanga zangu zikamwagika.

Tungeendelea hivyo hivyo, mimi nikisonya na yeye akiuliza habari za goti, kama isingekuwa Chiriku.

Chiriku ni binti wa Fundi Cheche, mchomeleaji wetu. Fundi Cheche ni mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "hamna shida." Binti yake ndiye aliyechukua maneno yote ya ukoo. Miguu yake haijawahi kutembea tangu azaliwe, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu aanze kusema. Mwaka huu alifaulu vizuri akachaguliwa shule ya sekondari ya bweni, nzuri, wanafunzi wachache wanaoipata. Siku habari zilipokuja, baba yake alizima mashine yake ya kuchomelea, akaenda nyuma ya choo, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi.

Kiti cha Chiriku kilikuwa kimojawapo ya vile vilivyoinama uani. Alikitengeneza baba mwenyewe, baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya bosi: fremu nyembamba ipite kwenye milango ya bweni, na mfuko wa madaftari ubavuni. Kile cha zamani kilikuwa kidogo kwake tangu siku nyingi. Magoti yalikuwa yanamfika kifuani, na fremu imechomelewa mara nyingi hata haijulikani ipi ni bomba na ipi ni kovu. Kigurudumu kimoja cha mbele kilikuwa kimegoma kabisa, kwa hiyo mtu lazima amsukume huku amekiinamisha nyuma. Tulishajaribu kuvihamisha vile vigurudumu vya zamani kwenye kiti kipya. Havikuingia.

Mama Samahani alikuwa amemuuliza Fundi Cheche mapema kabisa, nilisikia juu ya ukuta: "Baba Chiriku, mtoto anaripoti shule lini? Nijue nawabanaje hawa wenye vigurudumu."

"Aa, bado bado, Mama. Hamna haraka."

Na yeye akaamini. Mtu anayesema "hatuna haraka" kwa adabu akamwamini mwenzake aliyesema "hamna haraka" kwa adabu. Mimi pia nilisikia nikaamini, ila mimi nilikuwa nahesabu bolti.

Jumanne moja mke wa fundi akamleta Chiriku kupimwa mto. Wakaja wamelowa jasho, maana mama amemsukuma kutoka barabara kuu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Tulikuwa wote uani: bosi, Mama Samahani na kikombe chake, mimi na kalamu sikioni. Chiriku akakitazama kiti chake kipya, chekundu kama alivyotaka, akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Halafu akaona pale mbele hamna kitu.

"Baba, vigurudumu viko wapi?"

"Vinakuja, mwanangu. Hamna haraka."

"Mimi nina haraka," akasema Chiriku. "Shule inafunguliwa Jumatatu."

 Hata redio ya mpaka rangi wetu ilisikika kama imeshtuka. Mama Samahani akageuka polepole akamwangalia Fundi Cheche, naye fundi akaanza kufuta mikono kwa kitambaa ambacho ndicho kilichokuwa kichafu zaidi.

"Jumatatu hii?" akauliza Mama Samahani.

"Hii hii," mke wa fundi akadakia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha siku nyingi na neno moja kooni. "Tumepigiwa simu na matroni wa bweni. Asiyeripoti Jumatatu nafasi yake anapewa mwingine, kuna watoto wanasubiri. Na wamesema wazi lazima aje na kiti anachoweza kukiendesha mwenyewe, kwa sababu kule hakuna wa kumsukuma. Namwambia huyu bwana kila siku, waambie kazini, waambie. Ananijibu watu wana kazi nyingi, asiwasumbue."

"Sikutaka kusumbua," akasema Fundi Cheche. Akauambia udongo, hakututazama.

Nilitaka kumrukia. Hasira zilinipanda hata nikaona nyota mchana. Mtoto wako mwenyewe, bwana! Lakini nilimwangalia tena nikaona midomo inamtetemeka, nikanyamaza, na mimi kunyamaza si jambo dogo. Chiriku alikuwa hacheki tena. Alikuwa ameshika mkono wa kile kiti chekundu kama mtu anayeogopa kitaondoka bila yeye.

Mama Samahani akamwendea, akainama, akamshika shavu. "Samahani, mwanangu," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, neno hilo lilitoka zito. Kisha akaweka kikombe chake juu ya pipa la rangi, akaingia ofisini. Nikamfuata.

"Hapa nipe mimi niandike," nikamwambia. "Nitawachana hao mpaka wajute kuzaliwa."

"Hapana. Ukimtukana mtu anaanza kujitetea, anasahau mzigo. Kaa."

Nikakaa. Akafungua oda yetu kwenye kompyuta, akafungua na ule uthibitisho wao, akavisoma vyote viwili mstari kwa mstari huku kidole kikitembea juu ya kioo. Ndipo akaanza. Aliandika "Mpendwa mwanangu, salamu nyingi," akasimama. Akakaa anayatazama maneno yale. Halafu akayafuta, herufi moja moja, kwa kile kidole chake kimoja. Ilikuwa kama kumwona mtu anavua pete.

Alichoandika nilikisoma nikiwa nyuma ya bega lake:

"Kuhusu: Oda namba 218, vigurudumu vya mbele, jozi arobaini. Haijafika.

Oda hii mliithibitisha kwa maandishi na tarehe ya kuleta mliitaja wenyewe. Tarehe hiyo ilipita wiki kadhaa zilizopita na hatujapokea hata jozi moja. Naomba kujibiwa kabla ya saa sita mchana kesho: mzigo uko wapi sasa, utatufikia tarehe gani, na kama wote hauko tayari, ni jozi ngapi zinaweza kutoka leo. Tuna mtoto anayeripoti shule Jumatatu, na kiti chake hakiwezi kwenda bila vigurudumu hivi. Tuna haraka. Nimeambatisha oda na uthibitisho wenu."

Akamweka na meneja wao wa mauzo kwenye nakala, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu waanze kuandikiana. Mwisho akaandika jina lake, basi. Hakuna ubarikiwe, hakuna goti. Akabonyeza kutuma, akarudisha mikono yake mapajani kama si yake.

"Safi!" nikasema. "Hiyo ndiyo barua!"

"Nimemwandikia mtoto wa watu bila kumsalimu," akasema Mama Samahani. Uso ulikuwa umemshuka kabisa. "Bibi yangu angenichapa."

Mchana huo hakula. Nilimwekea chai, ikapoa mpaka ikafanya ngozi juu. Kila baada ya muda mfupi nasikia akibonyeza kuangalia kama kuna jibu, na hakuna. Jioni pia hakuna. Fundi Cheche akafunga karakana akapita mlangoni petu bila kuuliza, na hilo liliniuma kuliko kama angeuliza. Nikaenda nyumbani nikagombana na jirani yangu kwa sababu ya kuku, na kuku mwenyewe hata hakuwa wa kwake.

Jumatano asubuhi simu ya ofisini ikalia kabla Mama Samahani hajavua mtandio. Niliruka nikazunguka ukuta, ila aliwahi kuipokea, akaweka spika ili nami nisikie, maana alijua nisiposikia nitabomoa ukuta.

"Mama?" Sauti ya mwanaume, inahema. "Mama, kuna msiba?"

"Msiba? Wa nani? Hatuna msiba. Nani mwenzangu?"

"Mimi mwanao, karani wa mauzo! Jana sikuwa ofisini, nilimpeleka mama kliniki. Nimefungua barua yako sasa hivi nikiwa nimesimama. Mama, hukunisalimu. Hukuuliza goti. Nikasema hapa pameharibika jambo, huyu mama si wa kuandika hivi, ama kafiwa au mimi nimemkosea vibaya sana."

Mama Samahani akafumba macho. "Samahani, mwanangu."

"Usimwombe samahani!" nikafoka.

"Huyo ni nani?" akauliza karani.

"Ni Pilipili, wa stoo. Usijali. Mwanangu, oda yangu iko wapi?"

 Karani akasema, na lazima niseme hakujificha: "Mama, ukweli ni huu. Vile vigurudumu vilishaingia kwetu mara mbili. Kila vikiingia kuna wateja wanapiga simu, wanapiga meza, wanasema wana haraka. Mimi nafungua barua zako kuangalia, naona umeandika hatuna haraka, mkipata nafasi. Basi nawapa wale, najiambia Mama yangu huyu ataelewa, vinavyofuata vitakuwa vyake. Kwenye mfumo wetu nimekuwekea alama kabisa: mteja anaweza kusubiri."

Nilifungua mdomo. Mama Samahani aliniwekea kiganja chake mbele ya uso, bila kugeuka.

"Mwanangu," akasema taratibu, "ile ilikuwa adabu. Haikuwa ratiba."

 

"Nimeelewa, Mama."

"Na leo? Leo vipo?"

"Ndiyo maana nimekimbilia simu. Yameingia tena maboksi jana. Yako sakafuni hapa chini, yanaandikiwa jina la mteja mwingine, gari linapakia. Ngoja. Usikate."

Tukasikia simu ikiwekwa mezani, viatu vikikimbia, mlango, kisha mbali sana sauti yake ikipaza: "Hayo acha! Hayo yasipande!" Na mwingine akimjibu kwa ukali, na yeye akijibu, na mtu wa tatu mwenye sauti nzito, tukahisi ndiye meneja, akiuliza kuna nini. Mimi na Mama Samahani tulikuwa tumeinamia ile simu vichwa vikigusana. Sijui lini nilikuwa nimemshika mkono. Ulikuwa baridi na wangu umelowa jasho.

Karani akarudi akihema. "Mama. Meneja amekwisha kuisoma ile nakala yako, amekubali. Yule mteja mwingine tunampunguzia, atapata vyake vikija vingine, nitampigia mwenyewe anitukane. Wewe nakupa jozi kumi na mbili, zinatoka kesho asubuhi na gari la kuja huko, Ijumaa unazo. Zilizobaki wiki ijayo."

Nilipiga kelele ambayo sitaki kuieleza. Mama Samahani hata hakutabasamu bado. Akavuta kalamu.

"Niandikie, mwanangu. Idadi, tarehe, na namba ya simu ya dereva. Na mwambie meneja ajibu yeye kwa hizi za wiki ijayo."

"Nakuandikia sasa hivi."

"Haya. Na sasa niambie." Sauti yake ikalegea. "Kliniki wamesemaje kuhusu goti?"

Wakaongea goti mpaka chai ikachemka tena. Safari hii sikusonya. Nilienda nje kumtafuta Fundi Cheche, nikamkuta ndani ya ile kofia yake ya chuma ya kuchomelea, nikagonga juu yake kwa bolti, akainua kioo. Nikamwambia Ijumaa. Aliuliza, "Ijumaa hii?" Nikamwambia hii hii, kama alivyosema mkeo. Akateremsha kioo haraka, akabaki amesimama vile na mashine imezimwa, mabega yakipanda na kushuka. Nilimwacha na moshi wake.

Barua ya karani ilifika kabla ya saa sita, ina idadi na tarehe na namba ya dereva. Ya meneja ikafuata. Mama Samahani akaziprinti zote, akazipiga pini nyuma ya oda, ndipo akakaa akacheka peke yake, kicheko kidogo cha kuchoka, akifuta miwani kwa ncha ya mtandio.

Ijumaa nilikuwa getini kabla ya dereva. Alipofika nikampokea kama mgeni wa harusi. Lakini kazi ni kazi: sikusaini kitu kabla sijafungua. Nilifungua kila boksi, nikahesabu, nikapima kipenyo, nikavizungusha vyote kimoja kimoja sikioni kusikia beringi kama zinakwaruza, Fundi Cheche akiwa amesimama nyuma yangu anahamisha uzito mguu huu mguu ule. Dereva akasema, "Dada, nina safari ndefu." Nikamwambia sisi tumesubiri kuliko wewe. Vilikuwa jozi kumi na mbili, saizi yetu, vizima. Nikaandika kwenye hati yake kwamba ni sehemu ya oda, si oda yote, nikasaini.

Jozi ya kwanza niliyotoa stoo ilikwenda kwenye kiti chekundu. Fundi alivifunga mwenyewe, hakutaka msaada, ingawa mikono yake iliyozoea moto ilishindwa na nati mara mbili ikaidondosha. Mpaka rangi alizima redio. Mwishowe kile kiti kikainuka pua, kikasimama sawasawa kwa miguu yake minne kama viti vya watu.

Chiriku alikuja jioni hiyo hiyo na mama yake. Baba akamwinua kutoka kile kiti cha makovu, akamkalisha kwenye chake, akamfunga mkanda, akapiga magoti kuangalia miguu imekaa vizuri. Alichelewa hapo chini kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Baba, nisogeze au mnaniombea dua?" akasema Chiriku, tukacheka wote.

Mama Samahani akaja na kikombe chake. "Mwanangu, samahani kwa kukuchelewesha. Siku nyingine sema mapema."

"Nilisema, Mama. Hawa wazazi ndio walinyamaza."

"Baba peke yake!" mama yake akaruka, na Fundi Cheche akainua mikono kama mtuhumiwa.

Chiriku akashika magurudumu ya nyuma, akayasukuma. Kile kiti kilitoka kwa ulaini hata yeye mwenyewe alishtuka. Akazunguka pipa la rangi. Akakata kona kati ya viti vilivyobaki vimeinama, bila kugusa hata kimoja. Mara ya pili akaongeza mwendo. Mara ya tatu hakurudi, alielekea getini moja kwa moja, nywele zimemtoka kwenye kibanio, hakuna mkono wa mtu mgongoni mwake.

Fundi Cheche akaanza kumkimbilia. Mtu wa maneno matatu kwa siku akapiga ukelele ulioitikisa mabati:

"Polepole, mwanangu! Hamna haraka!"

"Ipo!" akajibu Chiriku bila kugeuka.

Fundi akasimama pale getini. Nikangoja amfuate, lakini hakumfuata. Akavua kofia yake ya chuma, akaishika kifuani, na safari hii alipolia hakusema ni moshi.